Patro akikopa kwenye kese ya pensheni: mwongozo kamili wa kuiuliza konsey

Tangazo lilibandikwa karibu na mahali pa kupiga pwenti, Ijumaa jioni, saa ya watu kuharakisha nyumbani. Lilikuwa na mistari minne. Konsey ya kese yetu ya pensheni ilikuwa imekubali kuikopesha kampuni dola 180,000 kwa miezi 36, kwa riba ya 4% kwa mwaka, na wanamemba waliombwa kubaki watulivu. Fundi mmoja wa umeme, aliyebakiza miaka miwili apumzike, alilisoma mara mbili kisha akanigeukia: "Viye, ile franga ni ya nani?"

Wakati ule nilikuwa delege wa sindika, na sikuwa na jibu zuri. Nilijua pesa inakatwa kwenye buleti ya mshahara kila mwezi, na nilijua kuna watu saba wanaokutana mara nne kwa mwaka, basi. Ilituchukua miezi mitano kujifunza yale ninayoyaandika hapa. Ni kisa cha Lubumbashi, lakini anayefanya kazi Likasi, Kolwezi, Bukavu au Goma atakuta njia ni ileile. Jina la kampuni silitaji, na hesabu nimezizungusha ziwe rahisi kufuata.

Kwanza, jua ni kese gani

Watu wengi huchanganya kese mbili, wakapeleka malalamiko mahali pasipohusika. Ya kwanza ni ya lazima, yaani CNSS, ile ambayo wazee bado wanaiita INSS. Inaongozwa na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa tawi la pensheni mchango ni 10% ya mshahara unaohesabiwa: 5% inatoka kwako na 5% kwa mwajiri. Konsey yake iko Kinshasa, ndani yake mna upande wa Serikali, wa waajiri na wa wafanyakazi. Wewe wa komini ya Kenya au Kamalondo, hapa Lubumbashi, huwezi kuingia kwenye kikao chake, ila sindika yako ina njia ya kupeleka swali kupitia wajumbe wa wafanyakazi, na wewe mwenyewe una haki ya kwenda ofisini kuulizia michango iliyoandikwa kwa jina lako.

Ya pili ni kese ya ziada, inayoanzishwa ndani ya kampuni au na wafanyakazi wenyewe. Hapo kila kitu kinategemea vazi la kisheria ambalo kese imevaa. Ikiwa ni mutueli, inatazamwa na sheria ya mutueli namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Ikiwa ni shirika lisilo la faida, sheria yake ni namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Ikiwa kampuni imenunua mkataba wa pensheni kwa kampuni ya bima, unaingia kwenye kodi ya bima, yaani sheria ya bima ya 2015, na msimamizi wa sekta hiyo ni ARCA. Na ikiwa haina karatasi yoyote, ni sanduku tu linaloshikwa na ofisi ya hesabu ya patro, basi tatizo lenu la kwanza ni hilo, kabla hata ya mkopo, kwa sababu kampuni ikianguka wadai wake watasema ile pesa ni ya kampuni.

Mwongozo huu ni wa kese ya pili. Ndiko mwanamemba wa kawaida anaweza kuiuliza konsey uso kwa uso, na ndiko pesa hupotea kimya zaidi.

Wana konsey wanadaiwa nini

Wadhamini wa mfuko wa pensheni, hata wakiitwa wana konsey au kamati, wanashika mali ya wengine. Katika yote wanayodaiwa, mimi nakazia mambo matatu, maana karibu kila ugomvi niliouona unaangukia hapo.

La kwanza ni uaminifu kwa wanamemba peke yao. Aliyeteuliwa na patro, akishaketi kwenye meza ya kese, hamwakilishi patro tena. Na aliyechaguliwa na sindika hawakilishi sindika. Jambo hili la pili ndilo linalotuuma sisi watu wa sindika, kwa hiyo nitalielezea kwa kesi ya wachimba madini wenzetu. Uingereza, mfuko wa pensheni wa wachimba makaa ya mawe ulikuwa na wadhamini kumi, watano wa mwajiri na watano wa sindika, akiwemo rais wa sindika Arthur Scargill. Mwaka 1982 wale watano wa sindika walikataa kuidhinisha mpango wa kuwekeza, wakitaka pesa isiongezwe katika nchi za nje na isiingie katika mafuta na gesi vinavyoshindana na makaa. Nia yao ilikuwa kulinda kazi za wachimbaji. Mwaka 1984 jaji Robert Megarry aliamua kwamba walikosea: mdhamini anapaswa kutazama faida ya wanaotegemea mfuko, wakiwemo wastaafu na wajane ambao hawana kazi yoyote ya kulindwa mgodini, hata kama moyo wake unapenda jambo jingine. Hukumu hiyo haitufungi hapa Kongo. Lakini fikra yake ni nzito kwetu, kwa sababu patro anapokuja kukopa husema maneno yaleyale: "Tusaidieni kuokoa kazi zenu."

La pili ni uangalifu. Mdhamini anatakiwa kushika pesa ya wengine kama mtu mwenye akili anavyoshika mali ya yatima aliyekabidhiwa. Haombwi awe mtabiri. Kama konsey ilinunua nyumba ya kupangisha baada ya kuuliza bei kwa watu watatu, ikakagua hati, ikahesabu kodi, kisha mtaa ukashuka thamani, hiyo ni bahati mbaya. Kosa lingekuwa kuinunua bila kukagua chochote. Shika tofauti hii vizuri, kwa sababu wanamemba wakija kikaoni na kilio cha "mmepoteza pesa yetu" huwa wanashindwa. Wakija na swali la "mlikagua nini kabla ya kusaini" konsey hulazimika kufungua mafaili.

La tatu ni kujitoa pale maslahi yanapogongana. Direkta wa fedha wa kampuni hawezi kuomba mkopo asubuhi akiwa upande wa kampuni, halafu mchana akaupigia kura akiwa upande wa kese. Anapaswa kutangaza maslahi yake, atoke chumbani, na peve ya kikao iandike kwamba alitoka.

Kwa nini mkopo kwa mwajiri ni hatari kuliko mkopo mwingine? Kwa sababu siku kampuni ikianguka, unapoteza mshahara na pensheni kwa pigo moja. Dunia ilijifunza hili kwa uchungu mwaka 1991, alipokufa tajiri wa magazeti Robert Maxwell na kugundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 400 za pensheni za wafanyakazi wake zilikuwa zimetumika kushikilia kampuni zake. Uingereza ikatunga sheria ya 1995: mfuko usiweke zaidi ya 5% ya mali yake kwa mwajiri, na kumkopesha mwajiri moja kwa moja ni marufuku. Nchi ya Kenya, katika sheria yake ya mafao ya kustaafu ya 1997, ilikataza pesa ya mfuko isitumiwe kukopesha mtu, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kwetu kinga ya namna hiyo uitafute kwanza kwenye statu za kese yenu.

Hatua ya kwanza: soma statu na reglema ya ndani

Usianze na barua, wala usianze na WhatsApp. Anza na karatasi mbili, statu na reglema ya ndani. Sisi tulizipata kwa mama mmoja wa laboratuari aliyekuwa amezihifadhi tangu siku ya kuanzisha kese, kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Kama hakuna mwenzenu aliye nazo, omba kopi kwa karani wa kese. Statu ni mkataba kati yako na wenzako, kwa hiyo kukunyima ni sawa na kukunyima kusoma kontra uliyosaini.

Tafuta majibu machache tu. Pesa inaruhusiwa kuwekwa wapi, na je, kuna kikomo? Konsey inaweza kuamua peke yake hadi kiasi gani kabla ya kuuliza mkutano mkuu? Nani anaweza kuitisha mkutano mkuu wa dharura, na kwa saini ngapi? Je, kuna kipengele kuhusu mjumbe mwenye maslahi?

Kwetu statu zilisema konsey inaweka pesa "mahali salama penye faida", maneno mapana yasiyomfunga mtu. Lakini kipengele kingine kilisema tendo lolote linalozidi robo ya mali ya kese linahitaji idhini ya mkutano mkuu. Mali yote ilikuwa dola 400,000, na robo yake ni 100,000. Mkopo wa 180,000 ulikuwa 45%. Kabla ya kubishana kama uamuzi ni mzuri au mbaya, tayari tulikuwa tumeona kwamba konsey haikuwa na mamlaka ya kuuchukua peke yake.

Hatua ya pili: omba karatasi kwa maandishi

Andika barua fupi, bila tuhuma. Hii ndiyo tuliyoandika, kasoro majina:

"Sisi wanamemba wa kese tuliosaini hapa chini tunaomba kusoma na kupewa kopi ya: peve ya kikao kilichoamua mkopo kwa kampuni, mradi wa mkataba wa mkopo huo, hesabu za mwisho zilizokaguliwa, na karatasi ya benki inayoonyesha michango iliyoingia katika miezi kumi na miwili iliyopita. Tunaomba jibu kwa maandishi katika siku 15. Tunaomba pia mkataba usisainiwe, na kama umesainiwa pesa isitolewe, kabla mkutano mkuu haujauona."

Peleka nakala mbili, moja ibaki nao na nyingine irudi kwako ikiwa na muhuri, tarehe na saini ya aliyeipokea. Kopi isiyo na muhuri ni kama barua ambayo haikuandikwa. Barua ikikataliwa mlangoni, itume kwa njia yenye ushahidi wa kupokelewa, au mwombe wakili au wisiye wa mahakama aifikishe.

Nani asaini? Hapa tulifanya jambo ambalo nawashauri wote. Saini tano za kwanza zilikuwa za wastaafu wawili, mjane mmoja anayepokea haki ya mumewe, na madelege wawili. Mstaafu hafukuzwi kazi, naye mjane haogopi kuhamishwa zamu. Delege ana kinga: kodi ya kazi ya 2002 inataka idhini ya inspekta wa kazi kabla ya kumwachisha. Vijana wa kontra fupi walisaini baadaye, walipoona hakuna aliyeguswa.

Na kwenye simu muwe na adabu. Kundi letu la WhatsApp liliwaka moto jioni ileile, mtu akaandika jina la mjumbe mmoja na neno "mwizi". Nilimwomba alifute. Sheria yetu ya makosa inaadhibu kumtupia mtu jambo linaloharibu jina lake mbele za watu, na kesi ya namna hiyo ingekula nguvu zote tulizohitaji kwa ajili ya mkopo. Zaidi ya hayo, hatukuwa na ushahidi kwamba yeyote aliiba, na mpaka leo sina.

Hatua ya tatu: fanya hesabu tatu

Karatasi zilifika siku ya kumi na tisa, peve ikiwa na nusu ukurasa tu. Tulikaa kwa yule mama wa laboratuari siku ya Jumapili baada ya misa, na kalkuleta ya simu, tukafanya hesabu tatu. Hazihitaji elimu ya benki.

Hesabu ya kwanza ni ya bei: nani anafaidika? Pesa yetu ilikuwa benki kwa amana ya muda, riba 6% kwa mwaka. Dola 180,000 zingezaa 10,800 kwa mwaka. Kwa kampuni zingezaa 7,200. Kese ingepoteza 3,600 kila mwaka, 10,800 kwa miaka mitatu. Kwa wanamemba 320 hiyo ni kama dola 34 kwa mtu, si kitu cha kupindua meza. Wengi wetu tulikuwa tumeshikilia riba hii tu, na tungeishia hapo tungeonekana wachoyo. Hatari yenyewe ilikuwa kwenye mtaji: 180,000 kugawa kwa 320 ni zaidi ya dola 560 za kila mwanamemba, zikikaa bila rehani yoyote. Mradi wa mkataba haukutaja lori, wala nyumba, wala mtu wa kulipa kampuni ikishindwa.

Hesabu ya pili ni ya pumzi: je, kese itaweza kulipa wanaostaafu? Ya 400,000 yetu, 150,000 ilikuwa nyumba ya kupangisha na 250,000 ilikuwa benki. Ukitoa mkopo, benki inabaki 70,000. Katika miezi 36 iliyofuata, watu 22 walikuwa wanafikia umri, na haki zao ukizijumlisha zilikuwa karibu 88,000. Pengo ni 18,000. Konsey ilijibu kwamba michango ya kila mwezi, kama dola 6,000, ingeziba pengo hilo. Ni kweli, kama michango inaingia.

Hiyo ndiyo hesabu ya tatu, na ndiyo iliyotushtua. Chukua buleti za mshahara za mwaka mzima, uzipange pembeni ya karatasi ya benki ya kese, mwezi kwa mwezi. Kwenye buleti, kila mwezi pesa imekatwa. Kwenye karatasi ya benki, miezi mitano ya mwisho ilikuwa mitupu. Kampuni ilikuwa imekata pesa kwetu na haijaipeleka, dola 30,000 kwa jumla. Kwa hiyo aliyekuja kukopa alikuwa tayari ni mdaiwa wa kese, kwa deni ambalo hakuna kikao kilichoamua. Peve haikulitaja hata kwa neno moja.

Ukifanya hesabu moja tu, fanya hii ya tatu. Mchango unaokatwa na usiofika ndiyo dalili ya kwanza ya kampuni inayoishiwa, na huonekana miezi mingi kabla ya tangazo lolote.

Hatua ya nne: kikao cha maswali

Kabla ya mkutano mkuu, omba konsey iwapokee watu watatu hadi watano. Mnapoenda na umati, kila mtu anaongea, na hakuna swali linalojibiwa. Andikeni maswali, myape namba, na mmoja wenu aandike majibu neno kwa neno.

Tuliuliza hivi. Nani aliomba mkopo, na yupo kati ya waliopiga kura? Mlitazama hesabu za kampuni za mwaka gani? Ni rehani gani mliiomba? Kampuni isipolipa, mtaishitaki, na nani atasaini mashtaka hayo? Mnajua michango ya miezi mitano haijaingia?

Swali la mwisho kwenye karatasi yetu lilikuwa la yule fundi wa umeme. Aliliuliza taratibu, kofia yake ikiwa magotini: "Tate, kama kampuni iko muzuri, juu ya nini haiendi kukopa ku banki?"

Direkta wa fedha akajibu bila kufikiri sana: "Banki inaomba kumi na nne kwa mia, na inataka rehani ya mashini."

Chumba kilinyamaza. Nadhani naye alisikia alichokisema. Benki, ambayo kazi yake ni kupima hatari, ilikuwa imeipima kampuni ikaona inafaa kutozwa 14% na kushikwa mashini zake. Sisi tulikuwa tunaipa kwa 4% bila kushika kitu. Tofauti hiyo ni 10% ya 180,000, yaani dola 18,000 kila mwaka, zawadi kutoka kwa wastaafu kwenda kwa kampuni. Swali hilo ni la bure na halihitaji karatasi. Liulize popote mwajiri anapokuja kwenye kese yenu: kwingine angetozwa ngapi, na angeweka nini?

Yalipotoka majibu, tuliyaandika kwa usafi, tukaipelekea konsey nakala tukiandika kwamba kama kuna neno tulilolikosea watujulishe katika siku saba. Hawakusahihisha chochote. Karatasi hiyo ikawa peve yetu.

Hatua ya tano: mkutano mkuu wa dharura

Konsey haikutaka kurudi nyuma. Wakati huo mkataba ulikuwa umeshasainiwa na fungu la kwanza, dola 60,000, limeshatoka. Tukaenda kwenye kipengele cha mkutano wa dharura.

Statu zetu zilidai saini za moja ya tano ya wanamemba, yaani 64. Tulikusanya 91, kwa sababu saini hukataliwa: mtu ameacha kazi, namba ya kitambulisho imekosewa, mkono haufanani. Kila saini iwe na jina kamili, namba ya mfanyakazi na tarehe. Juu ya kila ukurasa yaandikwe maazimio yenyewe mnayotaka kupigia kura, wala si "kujadili hali ya kese", kwa maana mkutano hauwezi kuamua jambo ambalo halimo kwenye ajenda.

Akidi ilikuwa nusu na mmoja, watu 161. Mkutano wa kwanza ulikuja na watu 148 ukaahirishwa, na nilikiona kicheko upande wa pili wa meza. Kosa lilikuwa letu: tuliukubali saa nne asubuhi, wakati zamu nzima iko chini kazini. Wa pili tuliudai saa ya kubadilisha zamu, wanaotoka na wanaoingia wakikutana uwanjani, na waliokuwa mbali walituma karatasi za uwakilishi. Statu zilisema mkutano wa pili, ukiitwa baada ya siku 15, unaamua kwa waliopo. Walikuwepo 203.

Maazimio yalikuwa manne, na tuliyaandika kwa namna ambayo mtu anaweza kupima kama yametekelezwa. Mafungu yaliyobaki, dola 120,000, yasitolewe. Kwa 60,000 zilizotoka, kampuni iweke malori yake mawili rehani, kwa karatasi iliyosajiliwa. Michango ya miezi mitano ilipwe kwa miezi mitano, pamoja na mchango wa mwezi husika. Mjumbe yeyote mwenye kazi ya uongozi kampuni atoke chumbani jambo la kampuni linapojadiliwa, na hili liandikwe kwenye reglema.

Hatukuomba konsey iondolewe. Wengine walilitaka sana. Niliona, na bado naona, kwamba kuiondoa konsey nzima katikati ya deni kungeiacha kese miezi kadhaa bila mtu wa kudai, na mdaiwa angefurahi kuliko wote. Mjumbe mmoja alijiuzulu mwenyewe.

Kama milango yote imefungwa

Konsey ikikataa hata kupokea saini, una mahali kadhaa pa kwenda, na kila mahali pana swali lake. Komisera wa hesabu, au kamati ya udhibiti kama kese yenu inayo, mwandikie kuhusu hesabu: michango isiyoingia, tendo lililozidi kikomo cha statu. Mwandikie mapema, kabla hajasaini ripoti ya mwaka, kwa sababu baada ya hapo hana haraka.

Inspekta wa kazi mpelekee pesa iliyokatwa kwenye mshahara na kutopelekwa. Huo ni ugomvi kati yako na mwajiri, na kwa kodi yetu ya kazi ugomvi wa mtu na mwajiri wake haupokelewi tribunali ya kazi kabla haujapita kwa inspekta kujaribu kupatanishwa. Chukua buleti na karatasi ya benki, na uombe peve ya mapatano au ya kushindwa kupatana, maana hiyo ndiyo tiketi ya kuingia tribunali. Ikiwa michango isiyopelekwa ni ya CNSS, mjulishe pia CNSS yenyewe, ina uwezo wa kumdai mwajiri moja kwa moja. Ikiwa kese iko mikononi mwa kampuni ya bima, andikia ARCA.

Kubatilisha uamuzi wa konsey uliovunja statu ni kazi ya mahakama, na hapo tafuteni wakili wa pamoja, mchange. Mpelekee faili iliyopangwa kwa tarehe: tangazo, statu, barua zenye muhuri, hesabu tatu, majibu ya kikao. Msipoteze muda, kwa sababu jaji anaweza kuzuia pesa isitoke, lakini pesa iliyokwisha kutumika inabaki kudaiwa kama deni lingine lolote.

Yaliyotokea kwetu ni haya. Fungu la pili halikutoka. Lori moja liliwekwa rehani, la pili likagundulika lina deni la benki. Michango iliyochelewa ililipwa yote, ingawa kwa miezi tisa badala ya mitano. Zile 60,000 zilirudi kidogo kidogo, na malipo ya mwisho yalichelewa miezi kumi na mmoja, riba ya 4% ikiwa imelipwa nusu. Yule fundi wa umeme alistaafu tarehe yake na akapokea haki yake kamili kutoka benki, kwenye zile pesa ambazo hazikuwa zimetoka.

Tangu hapo karatasi ya benki ya kese inabandikwa palepale karibu na pwenti, kila tarehe 10, na mama wa laboratuari ndiye anayeilinganisha na buleti yake kwanza.